Uzoefu wangu: Power BI na usasishaji wa nyongeza kwa dashibodi ya mauzo

Jedwali letu la mauzo, lililoko SQL Server, lina mistari mamilioni kwa mamilioni. Kila alfajiri lilikuwa likivutwa lote, miaka mitano mizima, ili tu mauzo ya jana yaingie. Kwa leseni ya Pro, usasishaji ukizidi saa 2 unakatwa, na sisi tulishaukaribia mpaka huo. Sasa, kwa usasishaji wa nyongeza unaovuta siku za karibuni tu, ni dakika chache.

Ndani ya Power Query unatengeneza vigezo viwili vya aina ya `Date/Time`, `RangeStart` na `RangeEnd`, kwa herufi hizohizo kubwa na ndogo. Halafu unachuja:

```
= Table.SelectRows(Mauzo, each
    [TareheMauzo] >= RangeStart and
    [TareheMauzo] < RangeEnd)
```

Alama ya usawa ikae upande mmoja tu, la sivyo mauzo yaliyoandikwa saa sita kamili usiku yatahesabiwa mara mbili. Baada ya hapo unabofya jedwali kitufe cha kulia, unachagua `Incremental refresh`, na Power BI italigawa jedwali katika mafungu kufuata tarehe. Tuliweka miaka 5 ya kuhifadhi na siku 10 za kusasisha, kwa kuwa matawi yetu hurekebisha risiti ndani ya wiki moja. Risiti ikiguswa baada ya siku hizo, dashibodi haina habari.

Safu ya tarehe ichaguliwe kwa makini. Tarehe ya marekebisho inavutia, lakini ni mtego: risiti ya Machi ikirekebishwa leo, inaingia kwenye fungu la leo huku nakala yake ya zamani ikibaki fungu la Machi. Jumla inavimba, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Tumia tarehe isiyobadilika kamwe.

Jambo linaloamua kasi ni kama kichujio kinafika kwenye hifadhidata. Bofya hatua ya kichujio kitufe cha kulia, utazame `View Native Query`. Ikifunguka na ukaona `WHERE` yenye tarehe, mambo ni shwari. Ikiwa imefifia, kuna uwezekano mkubwa kwamba kila fungu linavuta jedwali zima, na hapo utakuwa umeongeza kazi badala ya kuipunguza. Kwetu kizuizi kilikuwa hatua ya kuunganisha faili la Excel. Tulipoishusha chini ya kichujio, `WHERE` ikatokea.

Usasishaji wa kwanza baada ya kuchapisha bado unavuta historia yote, kwa hiyo tuliuendesha Jumapili.

Kinachoniudhi ni kwamba ukichapisha tena kutoka Desktop, mafungu yote yanafutwa na historia inavutwa upya. Faili la `.pbix` nalo halipakuliki tena kutoka kwenye huduma ya mtandaoni ya Power BI, kwa hiyo tunza nakala yako. Kurekebisha fomula za vipimo bila kugusa mafungu kunawezekana kwa zana ya ALM Toolkit, ila si kwa leseni ya Pro. Ndiyo maana ripoti tumeiweka kwenye faili lake, mbali na data, na ndiyo tunayoichapisha mara kwa mara.