Nilichelewa kuomba banda la maonesho Tabora: nilivyokataliwa na kuwekwa foleni

Mimi nauza asali na nta hapa Tabora mjini, mzigo nautoa upande wa Sikonge. Hii ni habari ya maonesho ya wajasiriamali niliyoshiriki mwaka huu baada ya kukataliwa kwanza. Jina la waandaaji naliacha, maana nitawasifu na nitawalalamikia humu humu.

Kosa la kuanzia lilikuwa langu. Nilingoja lebo kwa mchapishaji wiki nzima nikijiambia siwezi kujiandikisha kabla chupa hazijawa tayari. Nilipopiga simu ilikuwa Alhamisi, maonesho yanaanza Alhamisi inayofuata, na usajili ulishafungwa muda. Mratibu akanisikiliza, akasema, "Dada yangu, nafasi hakuna, lakini nakuandikia ujumbe uwe nao." Baada ya dakika kumi ukaingia, na nimeutunza mpaka leo:

"Habari za mchana dada. Ombi lako tumelipata leo, usajili ulifungwa wiki iliyopita. Mabanda yote 48 yameshachukuliwa. Nimekuweka kwenye orodha ya kusubiri: wa 11 kwa jumla, wa 2 kwa wauza asali. Usilipe chochote sasa. Waliobakiza malipo wana mpaka Jumatatu saa 10 jioni. Kabla ya hapo hakuna nafasi itakayotoka. Jumatano mchana tunafunga orodha, usiposikia kitu ujue haikuwezekana. Tuma namba ya pili ya simu."

Kwa mtu ambaye hajawahi kuzungushwa, huo ni ujumbe tu. Mimi nimezungushwa. Kuna maonesho mengine, miaka miwili nyuma, niliambiwa "njoo tu, hatukosi pa kukuweka." Nikaenda na ndoo nne za chupa za asali kwenye bajaji, nikashinda getini tangu asubuhi, jioni nikarudi nazo. Nauli ilikwenda, na chupa mbili zilivujia khanga yangu. Bora mtu aniambie hapana Alhamisi, nijue Ijumaa naamka nafanya nini.

Hata hivyo moyo haukutulia. Ijumaa nikaenda ofisini kwao kubembeleza. Nikamwambia, mimi hema sihitaji, umeme sihitaji, niwekee meza moja pale chini ya mwembe karibu na geti. Akatoa ramani ya uwanja, karatasi ya miraba iliyopakwa rangi kwa kalamu. Kila banda ni mita 3 kwa 3, katikati njia. Akaweka kidole pale kwenye mwembe wangu: "Hapa gari la zimamoto ndipo linapoingilia. Nikikuweka wewe, kesho kuna mwenye mihogo, keshokutwa mwenye viatu, na njia imekufa."

Sikuwa na la kujibu. Nikauliza jambo lililokuwa linanikera tangu jana: kwa nini nina namba mbili? Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho ningependa kila mwenye biashara ndogo akijue. Orodha ya kusubiri haisogei kama foleni ya mashine ya kusaga, wa kwanza akitoka wa pili anaingia. Nafasi ikipatikana wanaangalia kwanza aliyeondoka alikuwa anauza nini. Wauza asali walikuwa tayari sita kwenye mabanda 48. Huu ni mji wa asali, kila mtu ana asali. Akijitoa mshona vitenge, hawampi muuza asali wa saba, wanatafuta anayefanana na yule aliyetoka. Kwa hiyo mimi, kwa asali yangu, nilikuwa nasubiri wawili kati ya wale sita wakwame, kwa kuwa mbele yangu kulikuwa na mwingine. Ile namba 11 ilikuwa mapambo.

Halafu akauliza, "Ukitoa asali, una nini kingine?"

Nta ninayo. Masega yakishakamuliwa nayachemsha na maji kwenye sufuria kuukuu, nachuja kwa kitambaa, naacha ipoe usiku kucha. Asubuhi nta imeganda juu kama sahani ya njano, chini yake umeshikana uchafu mweusi unaokwanguliwa kwa kisu. Huwa nawauzia mafundi viatu wanaopaka uzi, na akina mama wawili wanaotengeneza batiki. Mishumaa nafanya kidogo kidogo. Sikuwahi kufikiria kuipeleka maonesho, niliiona ni mabaki ya kazi.

Kwenye kundi la kazi za mikono orodha ya kusubiri haikuwa na mtu hata mmoja. Akanihamishia huko papo hapo, kwa sharti: meza iwe ya nta na mishumaa, asali isizidi chupa sita za kuonesha, na atapita kukagua. Akanisomea sharti hilo mara mbili kabla sijasaini.

Jumatatu jioni kimya. Jumanne asubuhi simu yangu ilikuwa imezima chaji, umeme ulikatika usiku. Walinipigia mara mbili, wakanikosa, wakapiga ile namba ya pili, ya binti yangu. Bila hiyo namba banda lingekwenda kwa mwingine, kwa sababu nilipewa mpaka saa 8 mchana niwe nimelipa. Mwenye vikapu alikuwa hajamalizia malipo, ndiyo nafasi yangu hiyo. Nililipa saa 6 na dakika chache, nikampigia mratibu kumsomea namba ya muamala.

Sasa malalamiko. Ada nilitozwa nzima, shilingi 80,000 kwa siku nne, wakati banda lenyewe liko safu ya mwisho karibu na vyoo. Naelewa kwamba mwenye vikapu angelilipia hivyo hivyo, lakini yeye alilichagua mwenyewe. La pili lilinikera zaidi. Alhamisi asubuhi nimefika getini na maboksi, mlinzi ana karatasi iliyochapishwa Jumatatu. Jina langu halimo. Namwonesha muamala, anasema yeye anaangalia karatasi. Saa nzima nimesimama juani na mishumaa ya nta, na jua la Tabora mnalijua. Mitatu ilipinda. Kama unaita watu kutoka kwenye orodha ya kusubiri mpaka Jumatano, basi karatasi ya geti ichapishwe Jumatano usiku, au mlinzi apewe majina ya nyongeza. Nilimwambia mratibu, akaomba radhi, akasema hilo hawakuliwaza.

Na jambo moja dogo: ukiwa kwenye orodha huna pa kuiona. Kujua umefikia wapi ni mpaka upige simu, na siku zile simu yake ilikuwa inatumika muda wote.

Biashara ilikwendaje? Vipande vya nta viliisha siku ya pili, nikamtuma binti nyumbani kuleta vingine. Mafundi viatu walinunua, na walimu wa ushonaji walichukua vingi kuliko nilivyotegemea. Mishumaa ilisuasua, watu waliishika, wakainusa, wakarudisha.

Kama utaomba kwa kuchelewa, usiishie kuuliza wewe ni wa ngapi. Uliza wa ngapi katika kundi gani, orodha inafungwa lini, na ukiitwa una saa ngapi za kulipa. Mratibu akitaka hela ya kukuweka kwenye orodha, ondoka. Ninawapa nyota nne, ya tano imebaki getini.

Mama mmoja wa asali, banda la tatu kutoka langu, alipita mara mbili kwa siku kuhesabu chupa zangu. Zilikuwa sita kila mara. Nikiuza moja nilikuwa natoa nyingine chini ya meza.