Hali ya upatanifu ya Windows 11: uzoefu wangu na programu ya hesabu ya 1998

Laptopu nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, siku hizi huja na Windows 11, na Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Nimeijaribu hali yake ya upatanifu kwa programu ya hesabu za duka ya 1998. Kwa programu yenyewe naipa alama nzuri. Kwa kisakinishi, haikufaa kitu.

Nilibofya SETUP.EXE kwa kitufe cha kulia, nikaingia Properties, kisha Compatibility, nikachagua Windows XP (Service Pack 3). Jibu lilikuwa lilelile: "This app can't run on your PC". Sababu ni kwamba hali hii huidanganya programu tu kuhusu toleo la Windows na kurekebisha baadhi ya majibu ya mfumo. Haiwezi kuleta sehemu ambayo mfumo hauna, na Windows ya biti 64 haina kabisa sehemu ya kuendesha programu za biti 16. Watengenezaji wengi wa miaka ile waliandika programu ya biti 32 lakini wakaifungasha kwa kisakinishi cha biti 16, ili kiweze kufunguka hata kwenye Windows 3.1. Windows hubadilisha yenyewe baadhi ya visakinishi vya aina hiyo inavyovitambua, ila changu hakikuwamo.

Usikisie; pima kwa PowerShell:

```
$b = [IO.File]::ReadAllBytes("D:\SETUP.EXE")
$p = [BitConverter]::ToInt32($b, 0x3C)
[Text.Encoding]::ASCII.GetString($b, $p, 2)
```

Ukiona NE, faili ni la biti 16, na kuhangaika na Compatibility ni kupoteza muda. Ukiona PE, endelea kujaribu. Langu lilitoa NE.

Njia iliyofaulu: nilisakinisha programu ndani ya VirtualBox yenye Windows XP ya biti 32 (leseni unayo au huna, hilo liangalie kwanza), nikaipa RAM ya MB 512. Kisha nikanakili folda nzima ya programu hadi C:\Hesabu kwenye laptopu. Usiiweke Program Files, kwa sababu programu za enzi hizo huandika data kando ya faili lao la EXE, na Windows ya leo hairuhusu hivyo bila idhini ya msimamizi.

Mipangilio iliyo kwenye rejista haiji na folda. Ndani ya XP, hamisha ufunguo wa programu hiyo ulio chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE uwe faili la hesabu.reg, ulinakili hadi C:\Hesabu, kisha kwenye laptopu fungua kidirisha cha amri kama msimamizi:

```
reg import C:\Hesabu\hesabu.reg /reg:32
```

Hiyo /reg:32 ndiyo watu husahau. Bila yake mipangilio huingia upande wa biti 64, na programu ya biti 32 huitafuta isiione. Faili la DLL likikosekana, ujumbe hulitaja kwa jina. Lichukue kwenye System32 ya XP, uliweke ndani ya C:\Hesabu.

Hapo ndipo hali ya upatanifu ilipofanya kazi yake: programu ilikataa toleo jipya la Windows, nikachagua XP, ikafunguka na vitabu vyote vikasomeka.

Programu inayotegemea dreva yake ya biti 32, kama zile zenye kifaa cha ulinzi kilichochomekwa nyuma ya kompyuta, haitapita kwa njia hii. Windows ya biti 64 haipakii dreva hizo.