Saa 8 kati ya ndege mbili: uzoefu wangu na gari la ziara fupi Entebbe

Nilikuwa natoka Kilimanjaro kwenda Mumbai, na tiketi ilinishusha Entebbe saa 3:00 asubuhi, ndege ya pili ikiondoka saa 11:00 jioni. Nilikodi gari na dereva kwa nusu siku kutoka kwa watu wanaofanya kazi hiyo hapo Entebbe. Nawaandikia wenye safari kama yangu, hasa wanawake wanaosafiri peke yao, kwa sababu huduma hii nimeipenda na ningependa mjue ni nini hasa kiliifanya iwe salama.

Nilipowaandikia kwa simu wiki moja kabla, nilisema nataka kuona Kampala. Hawakunipa bei. Waliniuliza kwanza namba za ndege zote mbili, kama ziko kwenye tiketi moja, na kama begi langu litaandikiwa hadi Mumbai. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini, maana mtu anayekupa bei ya Kampala bila kuuliza maswali hayo anauza safari tu, na kuiwahi ndege ni juu yako.

Suala la begi ndilo zito kuliko yote. Tiketi yangu ilikuwa moja, hivyo kaunta ya Kilimanjaro ilinipa kadi zote mbili za kupandia ndege, na begi likafungwa kibandiko chenye herufi BOM, ambazo ni za Mumbai. Kisomeni kile kipande mnachobakiziwa kabla hamjaondoka kaunta. Kikiandikwa EBB, begi litashushwa Entebbe na mtalifuata kwenye mkanda, kisha mrudi nalo kaunta kulikabidhi upya. Kazi hiyo inakula saa nzima au zaidi ukijumlisha kwenda na kurudi, na kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa 1 kabla ya ndege kuruka. Mwenye tiketi mbili tofauti na begi kubwa, kwa muda wa saa 8, mimi ningemshauri abaki karibu sana na uwanja.

Dereva na mimi tulipiga hesabu kwa kuanzia mwisho. Ndege inaruka saa 11:00. Saa 9:00 niwe ndani ya jengo, nimeanza ukaguzi na uhamiaji. Saa 8:30 niwe kwenye lango la kuingilia eneo la uwanja, maana pale abiria huweza kushushwa garini wakakaguliwa kwa miguu, na foleni haijulikani itakuwaje. Kwa hiyo saa 8:00 gari liwe limeondoka mjini. Upande wa kutoka, tuliweka dakika 50 tangu ndege itue: kushuka, meza ya afya, uhamiaji. Ukitoa hayo yote, katika saa 8 zinabaki kama saa 4 na dakika 10 za kutembea.

Sasa ziweke saa hizo kwenye ramani. Kampala iko kama kilomita 40 kutoka uwanja wa ndege. Barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2018 imerahisisha sana, ushuru wake kwa gari dogo ni shilingi 5,000 za Uganda, lakini inakuacha Busega, upande wa magharibi wa jiji, na kutoka hapo unaingia kwenye msongamano kama watu wengine. Tukiondoka uwanjani saa 3:50, saa 5:00 tungekuwa jijini kama mambo ni mazuri. Kurudi huwezi kupanga kwa saa 1 tu, maana mvua moja au ajali moja inatosha kuifanya mbili. Ilibidi tuanze kurudi saa 6:30. Zinabaki saa 1 na nusu za Kampala, nusu yake ukiwa ndani ya gari. Dereva akaniambia, "Dada, Kampala utaiona dirishani. Entebbe utaitembea." Nikakubali.

Kama muda wako ni saa 11 au 12 za mchana, hapo Kampala inawezekana, na ningeshika upande uleule wa magharibi: vilima vya Rubaga na Namirembe, na msikiti mkuu wa Old Kampala ambao mnara wake una ngazi zaidi ya 300 na unaonyesha jiji zima. Usivuke kwenda upande wa pili wa katikati ya mji. Kule ndiko muda unakopotelea.

Siku yenyewe ndege ilitua kwa wakati. Meza ya afya waliomba cheti cha homa ya manjano, na nilikuwa nacho mkononi. Chanjo hii huhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kwenda kuchanjwa jana ya safari hakusaidii. Watanzania hatuhitaji viza, pasipoti inatosha. Wanaohitaji waombe mapema kwenye visas.immigration.go.ug, na wapime wenyewe kama dola 50 zinafaa kwa matembezi ya saa 4.

Tulikuwa tumepatana sharti moja: ikifika saa 5:00 sijatoka nje, sitoki kabisa, na wao wangebaki na malipo ya awali tu. Naomba mlitilie maanani. Mtu akichelewa kutua hujikuta anaipunguza ile akiba ya kurudi ili ziara isiharibike, wakati kinachotakiwa kupungua ni ziara. Nilitoka saa 3:45. Dereva alikuwa ameshanitumia picha yake na namba ya gari, nikalinganisha vyote viwili kabla sijafungua mlango, kisha nikamwezesha dada yangu kuona kwenye simu yake mahali nilipo, moja kwa moja, kwa kifurushi cha nje ya nchi nilichonunua nyumbani. Nje ya mlango wapo wengi wanaokuita kwa upole, na wengi ni watu wema, lakini gari usilolipanga huna wa kulidai likiharibika njiani. Mjue pia kwamba Waganda wakisema teksi wana maana ya basi dogo linalojaza abiria, kama daladala yetu. Bodaboda zipo kila kona na ni nafuu. Mimi sikupanda, kwa sababu nilikuwa na pasipoti na mkoba begani, na simu hunyakuliwa kirahisi mtu akiwa juu ya pikipiki.

Tulianza na bustani ya mimea, iliyoanzishwa 1898, kando ya Ziwa Viktoria. Ni dakika chache tu kutoka uwanjani. Tulitembea taratibu chini ya miti mikubwa iliyofungamana kama msitu, mbega weusi kwa weupe wakiruka juu, hadi ukingo wa maji. Maji yalinivutia, ila dereva alinizuia kuyakanyaga, na yuko sahihi: ziwa lina kichocho, hasa kwenye kingo zenye majani na maji yaliyotulia, na vijidudu vyake huingia kupitia ngozi. Kupiga picha ukiwa juu ya nyasi kunatosha.

Kutoka hapo tulikwenda kituo cha elimu ya wanyamapori, ambacho wenyeji wengi bado wanakiita zuu. Kilianza 1952 kikiwa makazi ya wanyama yatima, na hadi leo hupokea waliookolewa. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, kama saa 1 na nusu, na sijutii hata dakika. Sokwe wanaishi kwenye kisiwa kilichozungukwa na maji. Nilimwona pia korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo mpana kama kiatu, akiwa amesimama bila kutikisika muda mrefu mno. Wapo wanaompeleka mgeni kumtafuta kwenye kinamasi cha Mabamba kwa mtumbwi. Kwa saa 8 mimi ningekataa, kwa sababu unakuwa umeukabidhi muda wako kwa maji, injini ya mtumbwi na ndege asiye na miadi na wewe. Kiingilio cha kituo kwa raia wa Afrika Mashariki ni cha chini kuliko cha wageni wa mbali, basi muwe na pasipoti mkononi.

Chakula kinahitaji uangalifu. Samaki wa kukaanga wa ufukweni ni mtamu, ila akitoka ziwani hadi kwenye sahani yako inaweza kupita saa nzima. Dereva alipiga simu kuagiza tukiwa bado kwa sokwe, tukafika sato akiwa anatolewa kwenye mafuta. Huo ni utumishi mzuri. Kama hamna wa kuwaagizia, kuleni roleksi, chapati iliyokunjwa na mayai, inayotengenezwa mkiwa mmesimama hapohapo.

Lawama yangu ni moja. Baada ya chakula alisimama kwenye duka la sanaa ambalo halikuwa kwenye mpango, na tulipoteza kama dakika 20. Muda ulikuwepo, lakini ulikuwa wangu, na katika ziara ya aina hii kila kituo kinapaswa kuulizwa kwanza. Nilimwambia waziwazi, akaomba radhi. Hapohapo nilinunua kahawa ya unga, na asali nikaiacha. Chupa inayozidi mililita 100 ingezuiwa kwenye ukaguzi, maana begi langu kubwa lilikuwa tayari mikononi mwa shirika la ndege.

Saa 8:00 kamili tuliondoka. Langoni tulishuka tukakaguliwa, na mvua ikaanza kubwa tukiwa kwenye foleni. Kufikia saa 9:10 nilikuwa nimevuka uhamiaji, na nilikuwa na muda wa kunawa, kubadili blauzi na kuongea na nyumbani.

Nililipa shilingi 150,000 za Uganda, mafuta na kusubiri vikiwa ndani, viingilio na chakula juu yangu. Sehemu ndogo nililipa kabla, iliyobaki tuliporudi uwanjani, na ningesisitiza mpango huohuo kwa yeyote: anayelipwa mwishoni kwenye lango la uwanja ana sababu ya kukufikisha hapo kwa wakati. Nitawatumia tena, nikiwaomba waandike orodha ya vituo kwenye ujumbe kabla ya siku, pamoja na saa ya kuondoka kila kimoja.