Masala yalichacha, mwenye jiko akatuma video

Nianze na kosa lenyewe, isije ikadhaniwa natangaza biashara ya mtu. Tuliagiza biriani ya kuku ya walima kwa jiko moja la hapa Mjini lenye sifa. Wali ulifika safi. Ndoo ya kwanza ya masala, kuigusa tu kifuniko kikafyatuka, povu juu, harufu ya uchachu imetanda ukumbi mzima. Na nyengine zote vivyo hivyo. Wageni wameshakaa mikekani. Ikabidi vijana wakimbizwe Darajani kutafuta samaki wa kukaanga, tukasitiri aibu kwa wali, samaki na kachumbari.

Jioni ikaingia video kwenye simu yangu. Nilijua nitasikia "kama kuna aliyekwazika, samahani", na ZECO watapata lawama yao ya umeme. Wapi! Mama wa watu kakaa jikoni kwake, hakuna kasida nyuma, hakuna machozi. Baada ya salamu akasema: "Mniwie radhi. Masala yalikuwa mabovu, na mimi ndiye niliyeyaruhusu yatoke."

Akaeleza yalivyoharibika: yalipikwa usiku, yakamiminwa ya moto kwenye ndoo za lita 20, yakafunikwa papo hapo, yakalala hivyo hadi asubuhi. Anayepika vya shughuli anaelewa. Ndoo ikijaa na kufunikwa, katikati hapapoi. Panabaki vuguvugu saa na saa, na hapo ndipo vijidudu vinapozaliana. Ama chakula kikae moto, zaidi ya nyuzi 60, ama kitandazwe kwenye trei fupi kipoe upesi, kiingie frijini ndani ya saa mbili. Kuna mtu alifunika zile ndoo, lakini hakumtaja hata kwa kudokeza.

Kabla ya kugusia pesa aliuliza kama kuna aliyeonja akaumwa tumbo. Kisha akasema anarudisha zote, pamoja na za wali tuliokula, na usiku huohuo zikaingia kwenye simu. La mwisho ndilo lililoniingia zaidi: "Ukiridhia, dada, itume kwenye kundi la familia, wageni wasije wakadhani nyinyi ndio mliobana matumizi." Maana kwenye shughuli jina linaloharibika ni la mwenye walima, si la mpishi. Nikaituma. Shangazi yangu, ambaye mchana alikuwa hashikiki, akajibu, "Huyu kalelewa."

Kasoro zipo. Mchana tulipiga simu mpaka tukachoka, haikupokelewa, na wakati ule ndio tuliomhitaji. Tena video haikusema atabadilisha nini. Mpaka nilipomuuliza ndipo akanijibu kwamba masala ya mchana sasa atayapika alfajiri, yatoke jikoni yakiwa yanachemka.

Hitma ya babu nimempa tena kazi, ya wali peke yake. Masala tutapika wenyewe nyumbani, na hilo nimemwambia, akacheka.