Jedwali la kusahihishia insha nililonunua Moshi: uzoefu wangu

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Moshi, sasa kuna steshenari moja karibu na stendi wanauza rubriki ya insha, karatasi moja A4 imepigwa laminesheni, buku mbili tu. Nimeitumia muhula mzima kwa Fomu Tuu na Fomu Thrii, kwa hiyo wanaotaka kununua naomba mnisikilize kwanza.

Kwa muonekano iko poa. Kushoto kuna vigezo vinne, maudhui, mpangilio, lugha, na tahajia pamoja na alama za uandishi, afu juu kuna viwango kuanzia 4 mpaka 1, jumla maksi 16. Kasi ya kusahihisha inaongezeka kweli, na mtoto akikuuliza "mwalimu mbona nimepata hivi" unamwonyesha kisanduku chake mnamalizana.

Shida ni kwamba kila kigezo kina uzito sawa. Niliwapa insha ya athari za ukataji miti, mmoja akaniandikia likizo yake Marangu, imenyooka, haina kosa la herufi hata moja, ila miti haipo! Jedwali linampa maudhui 1, kwingine kote 4, jumla 13 kwa 16, yani asilimia 81, hiyo ni A. Mwenzake ana hoja nzito, mito kukauka, mmomonyoko, mvua kupungua, na mifano juu, ila anaandika "arafu" na "hadhari", akapata 4, 3, 2, 1, jumla 10, asilimia 62 na nusu, C. Jamani!

Nilichofanya, maudhui nazidisha mara 5, mpangilio mara 2, lugha mara 2, tahajia naiacha mara 1, jumla inakuwa 40. Hapo wa Marangu anapata 25 kwa 40, asilimia 62 na nusu, na wa miti anapata 31, asilimia 77 na nusu. Pia nimeongeza safu ya 0, maana bila hiyo hata aliyerudisha karatasi tupu anaondoka na robo ya maksi za bure.

Kingine maelezo ya ndani, kiwango cha 4 kimeandikwa "hoja nzuri sana" na cha 3 "hoja nzuri", sasa hiyo sana nani anaipima? Mimi na mwalimu mwenzangu tulisahihisha karatasi zilezile kila mtu kivyake, kwenye tahajia tukakubaliana karibu zote, kwenye maudhui tukapishana vibaya. Tukabadilisha tukaweka vitu vya kuhesabika, 4 ni hoja tatu au zaidi zinazojibu swali na kila moja ina mfano, 3 ni hoja tatu ila kuna iliyokosa mfano, 2 ni hoja mbili, 1 ni moja, 0 hakuna. Ubishi ukapungua sana.

Nyota tatu kwa tano. Ukienda waambie wakupe isiyo na laminesheni, kwenye ile plastiki kalamu ya kawaida haiandiki na utahitaji kurekebisha.