Kumwimbia "wewe" au kumwimba "yeye"

Chukua mstari huu: "Ameondoka Mikindani, hakuniaga." Msikilizaji anakaa pembeni, anapokea habari za mtu mwingine. Badilisha viambishi viwili tu: "Umeondoka Mikindani, hukuniaga." Idadi ya silabi ni ileile, kwa hiyo melodi haiguswi, lakini sasa kila aliyekaa ukumbini anaulizwa yeye. Aliyewahi kuondoka bila kuaga atainamisha macho. Aliyeachwa ataimba pamoja na mwimbaji, kana kwamba maneno ni yake.

Sauti nayo inabadilika. Imba "nampenda" ukivuta silabi ya pili: midomo imefungwa kwenye "m", sauti inabaki puani. Kwenye "nakupenda" unaivuta "u" hadi pumzi iishe. Kwa hiyo kwenye kiitikio mimi nachagua "wewe" bila kusita.

Beti za kisa ni jambo jingine. "Ulizaliwa Lindi, baba yako mvuvi, ukahamia Mtwara kutafuta kazi" inachosha, maana unamweleza mtu maisha anayoyajua. Sema "Alizaliwa Lindi", na msikilizaji atataka kujua kilichofuata. Nyimbo za unyago huku kwetu zina sababu ya kumsemesha mwali moja kwa moja: anafundwa, na yeye ndiye anayetakiwa kuyashika.

Ukitaka kuchanganya, simulia kwa "yeye" kwenye beti, kisha mgeukie "wewe" kiitikio kinapoingia. Ukigeuka katikati ya ubeti, msikilizaji anabaki akijiuliza wanaoimbwa ni wangapi.