Simu ya mkopo: tusome mkataba huu pamoja

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo sichambui kamera wala betri. Picha mnayoiona hapa ni ya mkataba wa simu ya mkopo, niliyotumiwa na dada mmoja anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na kwa ruhusa yake nimefunika majina yote.

Tuanze na bei. Karatasi inasema kianzio ni shilingi 70,000, kisha rejesho la shilingi 1,400 kila siku kwa siku 365. Jumla yake haijaandikwa popote, kwa hiyo tuipige wenyewe: 1,400 mara 365 ni 511,000, na tukiongeza kianzio tunapata 581,000. Simu hiyohiyo dukani, kwa fedha taslimu, dada aliikuta kwa 320,000. Maana yake alikopeshwa 250,000 iliyobaki baada ya kianzio, na kwa mkopo huo atalipa nyongeza ya 261,000. Shilingi 1,400 ni nyepesi mkononi, na ndiyo sababu wengi hatuifikishi kwenye jumla.

Sasa tazameni ukurasa wa pili, ambao mwanga wa taa umeufifisha kidogo. Kifungu cha 6 kinasema kwamba simu itafungwa siku inayofuata rejesho lililokosekana, na kwamba baada ya siku 3 faini ni shilingi 500 kwa siku. Simu ikifungwa hivyo, kufuta kila kitu ndani yake na kuianza upya hakusaidii, kwa sababu kufuli limeunganishwa na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iliyosajiliwa kwa mkopeshaji. Bonyezeni *#06# kabla ya kusaini, mhakikishe namba inayotokea ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi.

Dada huyu aliuguliwa na mtoto, akakosa siku 10. Alituma 14,000, yaani marejesho yote 10, lakini simu haikufunguka, naye akadhani fedha zimepotea. Hazikupotea. Mstari wa mwisho wa kifungu hicho, wenye herufi ndogo kuliko zote, unasema kwamba kila malipo hukatwa faini kwanza. Siku 7 za faini ni 3,500, kwa hiyo zilizoingia kwenye marejesho ni 10,500 tu, na deni la 3,500 likabaki, huku kufuli likiendelea. Alipaswa kutuma 17,500. Nasikitika kwamba hakuna aliyemweleza hivyo alipokuwa anasaini.

Kifungu cha 9 ni kizito zaidi: zikipita siku 30 bila malipo, mkopeshaji anaweza kuchukua simu, na fedha zilizokwisha kulipwa hazirudishwi. Hakisemi kama deni lililobaki linafutwa. Swali hilo muulizeni wakala, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba na kusainiwa, kwa kuwa ahadi ya mdomo haitaonekana kwenye picha kama hii.